Hamu Inayobaki Baada ya Raha Kwisha

Arosto ya heroini ina ratiba. Saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, mtumiaji huanza kupiga miayo mfululizo, machozi na makamasi humtoka bila mafua, vinyweleo humsimama, na jasho humtiririka huku akitetemeka kwa baridi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote: tumbo linamkata, anatapika, anaharisha, miguu haitulii na usingizi hauji. Baada ya hapo makali hupungua. Ndani ya wiki moja, au siku 10 hivi, sehemu kubwa ya mateso hayo huwa imekwisha.

Familia nyingi za pwani yetu, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, zinaijua ratiba hiyo. Ndiyo maana humfungia kijana chumbani, au humpeleka shamba kwa babu yake, au humlipia miezi kadhaa katika soba hausi. Akitoka huko amenenepa, anakula vizuri, anasali, anataniana na wadogo zake. Mwili wake hauna hata chembe ya unga. Kisha siku chache baada ya kurudi mtaani, anaonekana tena maskani. Majirani husema hataki kuacha. Mama yake husema amerogwa.

Kama arosto peke yake ndiyo ingekuwa inamrudisha mtu kwenye unga, basi wiki mbili za kufungiwa zingetosha kuwa tiba. Hazitoshi. Kijana huyu amerudi wakati hana maumivu yoyote ya kuyakimbia. Zaidi ya hapo, ukimuuliza mwenyewe kama bado anapata ile stimu ya mwanzo, mara nyingi atakwambia aliipoteza zamani. Anakitafuta kitu ambacho hakimfurahishi tena, wala hakimuumi akikikosa. Sayansi ya ubongo imelishughulikia fumbo hilo kwa zaidi ya nusu karne, na sehemu kubwa ya jibu iko katika kemikali iitwayo dopamini.

Panya aliyekanyaga kitufe

Mwaka 1954, watafiti wawili katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner, walipachika waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya na kumpa kitufe. Kila alipokikanyaga, umeme kidogo sana ulipita mahali ulipo ncha ya waya. Waya ulipokuwa katika sehemu fulani za ubongo, panya alikikanyaga kitufe mamia ya mara kwa saa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha panya waliokanyaga maelfu ya mara, wakaacha chakula, na hata kuvuka sakafu iliyowachoma kwa umeme ili wakifikie kitufe.

Wakati huo hakuna aliyejua ni kemikali gani inayohusika. Miaka mitatu baadaye, Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba dopamini, ambayo wenzake waliichukulia kuwa malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine, ina kazi yake yenyewe ndani ya ubongo. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2000. Taratibu watafiti wakaunganisha mambo hayo mawili, na njia ya tuzo ikapata ramani yake.

Njia yenyewe ni fupi. Katikati ya ubongo, chini kabisa, kuna kundi dogo la seli zinazotengeneza dopamini. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini zile za dopamini hazifiki hata milioni moja. Seli hizi hutoa nyuzi ndefu zinazokwenda mbele na kumwaga dopamini katika fundo la seli liitwalo akumbensi. Nyuzi nyingine hufika sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, tunakopimia faida na hasara kabla ya kutenda. Chakula, maji wakati wa kiu, tendo la ndoa na hata sifa kutoka kwa watu huiamsha njia hii. Bila hiyo mnyama hasumbuki kutafuta chochote.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba dopamini ndiyo raha yenyewe. Hata leo magazeti huiita kemikali ya furaha. Majaribio hayakubaliani na jina hilo.

Kutaka ni tofauti na kufurahia

Panya akipewa tone la maji ya sukari, hulamba midomo kwa namna ile ile anavyofanya mtoto mchanga. Akipewa kitu kichungu, hupanua kinywa na kukitema. Kwa kuangalia uso wake, mtafiti anajua kama kapenda au kachukia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwachukua panya ambao karibu dopamini yao yote ilikuwa imeharibiwa kwa sumu maalumu. Panya hao hawakusogelea chakula. Wangekufa njaa kama wasingelishwa kwa mpira. Lakini tone la sukari lilipowekwa ulimini mwao, walilamba midomo kama kawaida. Walikuwa bado wanafurahia utamu. Kilichotoweka ni ile nguvu ya kuutafuta.

Berridge na Robinson wakahitimisha kwamba ubongo una mifumo miwili. Mmoja ni wa kufurahia, na unategemea zaidi kemikali zinazofanana na afyuni ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, kama endofini. Mwingine ni wa kutaka, na huo ndio wa dopamini. Kwa kawaida mifumo hiyo hutembea pamoja, kwa kuwa tunakitaka tunachokifurahia. Lakini inaweza kuachana.

Binadamu nao wametoa ushahidi. Baadhi ya wagonjwa wa Pakinsoni, ugonjwa unaoua seli za dopamini, hutibiwa kwa dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Wachache kati yao, watu wazima waliokuwa na maisha yaliyotulia, ghafla huanza kucheza kamari hadi kumaliza akiba, au kununua vitu wasivyovihitaji. Wengi hueleza kwamba walisukumwa, si kwamba walikuwa wanastarehe. Dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, mara nyingi msukumo huo huisha.

Dopamini hufundisha

Kazi nyingine ya dopamini ilionekana katika maabara ya Wolfram Schultz, aliyekuwa Fribourg, Uswisi. Alisikiliza seli za dopamini za nyani, moja moja, huku nyani akipewa tone la juisi baada ya taa kuwaka. Mwanzoni, seli zililipuka kwa ishara za umeme pale juisi ilipoingia mdomoni. Nyani alipokwisha kujifunza kwamba taa hutangulia juisi, mlipuko ulihamia kwenye taa. Juisi ilipofika, seli zilibaki kwenye mwendo wao wa kawaida, ingawa juisi ilikuwa ile ile. Na ikiwa taa iliwaka na juisi ikakosekana, seli zilinyamaza kwa muda mfupi, sawasawa na wakati ambao juisi ilitarajiwa.

Mwaka 1997 Schultz na wenzake wawili, Peter Dayan na Read Montague, waliandika maana ya matokeo hayo. Seli za dopamini hazipimi tuzo. Zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kikija kizuri kuliko matarajio, dopamini hupanda, na ubongo huandika: kumbuka kilichotangulia hapa, kifuate tena. Kikija kama kilivyotarajiwa, hakuna la kujifunza, na dopamini haipandi. Kikikosekana, hushuka, na thamani ya ishara iliyotangulia hupunguzwa. Ndivyo mtoto anavyojua sauti ya muuza aiskrimu, na ndivyo pia anavyoacha kuikimbilia kama mara kadhaa amekuta ndoo tupu.

Utaratibu huu unafanya kazi vizuri kwa juisi na aiskrimu kwa sababu tuzo za kawaida zina kikomo. Ukishazizoea, somo huisha. Dawa za kulevya hazifuati sheria hiyo.

Unga unavyoingia

Heroini hupita kwa urahisi kutoka kwenye damu hadi ubongoni. Kwa anayejidunga au kuvuta moshi wake, athari huanza ndani ya sekunde chache. Ikishafika, hugeuzwa kuwa mofini na kemikali nyingine ya jamii hiyo, kisha hujishika kwenye vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya endofini zake. Vipokezi hivyo viko mahali pengi: kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana maumivu hupotea, kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, ndiyo maana dozi kubwa huua, kwenye utumbo, ndiyo maana watumiaji hukosa choo siku kadhaa.

Vingine viko jirani kabisa na seli za dopamini. Seli hizi haziachwi huru. Zimezungukwa na seli nyingine ambazo muda wote huzizuia kwa kemikali iitwayo gaba, na tunaweza kuziita breki zake. Heroini haikanyagi mafuta. Inaachia breki. Inazinyamazisha seli za gaba, na seli za dopamini, zikiwa hazina wa kuzizuia, hufyatuka mfululizo. Mwaka 1988 Gaetano Di Chiara na Assunta Imperato wa Italia walionyesha kwamba mofini, kokeini, amfetamini, pombe na nikotini, dawa zenye tabia tofauti kabisa, zote huongeza dopamini katika akumbensi ya panya. Kila moja ina mlango wake. Kokeini huzuia dopamini isirudishwe ndani ya seli, amfetamini huisukuma itoke, nikotini huichokoza seli moja kwa moja. Mwisho wa safari zote hukutana hapo.

Sasa rudi kwa nyani wa Schultz. Juisi iliyotarajiwa haikupandisha tena dopamini. Heroini, kwa kuwa inaachia breki kwa nguvu ya kemikali, huipandisha hata kama mtumiaji alijua fika kinachokuja. Ubongo unapokea kila mara ujumbe kwamba kilichopatikana kimezidi matarajio, ingawa si kweli. Somo halifiki mwisho. Kila dozi huongeza thamani ya ishara zilizoitangulia.

Miezi sita ya utingo mmoja

Tumchukue kijana wa mfano, utingo wa daladala. Jioni moja maskani, rafiki anampa kokteli, sigara ya bangi iliyochanganywa na unga. Mara ya kwanza huenda akatapika, maana heroini huchokoza sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu. Lakini mfumo wa kufurahia umeguswa kwa nguvu isiyo ya kawaida, na dopamini imepanda. Ubongo unaandika kilichokuwapo: kona ile, rafiki yule, harufu ya moshi, hela ya siku iliyokuwa mfukoni.

Baada ya wiki kadhaa anavuta kila siku, na mambo mawili yanaanza kwenda kinyume. La kwanza, stimu inapungua. Vipokezi vinavyochokozwa kila siku hulegea katika kuitikia, na seli za ndani yake hurekebisha kazi ili kufidia. Kete moja iliyotosha sasa haitoshi. Raha inashuka. La pili, ishara zinapata nguvu. Akipokea hesabu ya jioni kutoka kwa dereva, moyo unaanza kumdunda kabla hajaiona kete. Akimwona muuzaji kwa mbali, mate yanamjaa. Dopamini sasa inapanda kwenye hela na kwenye sura ya muuzaji, kama ilivyopanda kwenye taa ya nyani. Hamu inapanda.

Kufikia mwezi wa sita, mistari hiyo miwili imeshapishana. Anavuta ili aamke, ili aweze kupanda gari bila kutetemeka. Raha ni ndogo, hamu ni kubwa. Mambo mengine nayo yamefifia: mpira, mchumba, pilau ya sikukuu. Nora Volkow, mtafiti wa Marekani ambaye kwa miongo kadhaa amepiga picha za ubongo wa waraibu, amekuta kwamba wana vipokezi vichache vya dopamini vya aina moja kuliko watu wengine. Tuzo ndogo ndogo za maisha hazitoi mwangwi wa kutosha. Hilo ndilo linalomfanya mtu aliyeacha unga hivi karibuni aseme hana maumivu, ila hakuna kinachomvutia.

Kuna badiliko jingine linaloonekana kwa macho. Siku za mwanzo kijana huyu aliamua kwenda maskani. Sasa miguu inamfikisha kabla hajaamua. Tabia iliyorudiwa sana huhama kutoka akumbensi kwenda sehemu ya juu yake inayoendesha mazoea, ile ile inayotuwezesha kufunga vifungo vya shati huku tukiwaza mengine. Mwaka 2006 Volkow na wenzake waliwaonyesha waraibu wa kokeini filamu ya watu wakitumia kokeini. Hawakupewa dawa yoyote, lakini dopamini ilipanda katika sehemu hiyo ya mazoea, na waliopanda zaidi ndio waliosema uchu uliwabana zaidi.

Mahali ni sehemu ya ugonjwa

Hapa ndipo tunapata jibu la kijana aliyetoka soba hausi. Kule hakukuwa na kona yake, muuzaji wake wala hesabu ya jioni. Ishara hazikufutwa, zilikosa tu nafasi ya kuamshwa. Na muda peke yake hauzifuti. Panya waliozoeshwa kujipa heroini kisha wakanyimwa huikimbilia ishara yake kwa nguvu zaidi baada ya wiki kadhaa kuliko siku ya kwanza ya kunyimwa. Hamu huiva ikiwa imefichwa.

Ushahidi mkubwa zaidi kutoka kwa binadamu ulipatikana baada ya vita vya Vietnam. Heroini ilikuwa rahisi na safi kule, na takribani askari 1 kati ya 5 wa Marekani alikuwa mraibu. Serikali ya Marekani iliogopa wimbi la waraibu majumbani. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi. Kati ya waliokuwa waraibu Vietnam, asilimia 5 tu walikuwa waraibu tena ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani, na katika miaka mitatu asilimia 12. Ubongo wao ulikuwa umepitia dopamini ile ile. Lakini ishara zote zilibaki ng'ambo ya bahari, na nyumbani walikuta kazi, familia na marafiki wasiotumia. Kijana wetu husafiri kinyume chao: anatibiwa ugenini, kisha anarudishwa penye ishara.

Mahali hapo pana hatari nyingine, ya kifo. Mwili wa mtumiaji hujifunza kujikinga. Akiona sindano yake na chumba chake, huanza kujiandaa kuipokea dawa kabla haijaingia. Mwaka 1982 Shepard Siegel wa Kanada aliwazoesha panya heroini kidogo kidogo katika chumba kimoja, kisha akawapa dozi kubwa. Panya ambao hawakuwahi kuonja heroini walikufa karibu wote, asilimia 96. Waliozoea, wakapewa katika chumba kipya, walikufa asilimia 64. Waliozoea, wakapewa katika chumba kile kile, walikufa asilimia 32. Dozi ilikuwa moja.

Kwa mtu aliyetoka jela au soba hausi, mambo mawili humkuta kwa pamoja. Hamu yake iko juu, lakini mazoea ya mwili kwa dawa yameshuka. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za kuogopwa kuliko zote.

Dopamini haielezi kila kitu

Msomaji asije akadhani kemikali moja imeumaliza mjadala. Mwaka 1984 watafiti waliharibu dopamini ya akumbensi kwa panya waliozoea kujidunga wenyewe. Waliokuwa wakijipa kokeini walipunguza sana, waliokuwa wakijipa heroini wakaendelea. Na kwa binadamu, picha za ubongo zinazoonyesha dopamini ikifurika ziko wazi zaidi kwa kokeini na amfetamini kuliko kwa heroini. Heroini ina mlango wake wa moja kwa moja kwenye raha, kupitia vipokezi vya endofini, nayo arosto ina mkono wake, kupitia kemikali ya noradrenalini inayofumuka breki ya heroini inapoondoka. Dopamini inaeleza vizuri zaidi sehemu ya ishara, hamu na kurudia.

Pia si kila anayeonja hunaswa. Uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1990 huko Marekani ulikuta kwamba kati ya watu waliowahi kutumia heroini, takribani 1 kati ya 4 alikuwa mraibu wakati fulani. Urithi wa damu una nafasi, umri wa kuanza una nafasi, na hali ya maisha ina nafasi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia kufuata kila msukumo, haikomai hadi katikati ya miaka ya 20. Anayeanza akiwa na miaka 15 anaanza huku kizuizi chake bado kinajengwa.

Kwa nini methadoni si unga mwingine

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Zanzibar na Kenya zilifuata miaka michache baadaye. Tangu siku hiyo lawama imekuwa moja: serikali inawapa mateja dawa nyingine ya kulevya. Ni kweli kwamba methadoni hujishika kwenye vipokezi vile vile. Lakini yaliyosemwa hapo juu yanaonyesha kwa nini matokeo ni tofauti.

Methadoni hunywewa, mbele ya mhudumu, saa zile zile kila siku. Hupanda polepole kwa saa kadhaa, na hukaa mwilini takribani siku nzima au zaidi. Hakuna mlipuko wa sekunde chache wa kuufundisha ubongo, na hakuna kushuka kwa ghafla kunakoleta arosto jioni. Tena, kwa kuwa imevikalia vipokezi na kuuzoesha mwili, mtu akivuta unga juu yake huambulia kidogo au hapati kitu. Kona ile, muuzaji yule na hela ile vinaanza kukosa malipo, na kama taa ya nyani isiyoleta juisi, thamani yake hushuka siku hadi siku. Somo la zamani halifutiki, ila linafunikwa na jipya.

Kazi hiyo ina masharti. Dozi huanza chini, miligramu 20 au 30, na kupandishwa taratibu, kwa kuwa methadoni hujilimbikiza mwilini na wiki mbili za mwanzo zina hatari. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Akipewa pungufu, uchu hurudi kabla ya siku kwisha, naye atavuta kufidia. Akiachishwa baada ya miezi michache kwa sababu anaonekana mzima, mara nyingi hurudia. Wala methadoni haimsaidii mraibu wa kokeini, ambaye mpaka sasa hana dawa ya namna hiyo.

Kwa mzazi au ndugu anayempokea mtu aliyeacha, haya ndiyo ya kufanya. Kama kuna uwezekano wa kumtafutia makazi na kazi mbali na maskani yake, mtafutie. Kama hakuna, msaidie asipite kona ile, asibaki peke yake saa ya kupokea hela, na aondoe simu ya muuzaji. Hamu ikimshika, akae na mtu: mawimbi yake hupanda na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa au saa moja. Akiteleza mara moja, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo badala ya kumfukuza nyumbani. Na ukimkuta haamki, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, anakoroma au anapumua kwa nadra, midomo na kucha vimebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, mpulizie pumzi kama imesimama, na umkimbize hospitali. Huko wana naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Usisubiri aamke mwenyewe.